Kununua bili ya serikali ya Kenya ukiwa na elfu hamsini tu: kutoka DhowCSD mpaka pesa irudi benki

Naandika hii kwa sababu kila mwezi kuna mtu ananitumia swali lile lile kwa WhatsApp, nikijibu mmoja wanakuja watatu, na nimechoka kuandika majibu vipande vipande. Maswali ni haya: ni lazima uwe na mamilioni? Ni lazima uwe na wakala? Na hiyo asilimia wanayotangaza kwenye habari, kweli ndiyo unaipata mkononi? Jibu la mawili ya kwanza ni hapana. La tatu pia ni hapana, na hilo ndilo litachukua nafasi kubwa hapa.

Nitashika bili za hazina, zile za muda mfupi za siku 91, 182 na 364, kwa sababu ndizo anayeanza anaweza kuzielewa kwa jioni moja. Bondi nitazigusa kidogo huko chini.

Kitu kimoja cha kuelewa kabla hatujaanza, nakisema mara moja tu. Bili haikulipi riba kila mwezi kama watu wanavyodhani. Unainunua kwa bei ya chini kisha serikali inakulipa kiasi kamili ikiiva. Ukichukua ya 100,000 unalipa leo kitu kama 98,000, ikiiva unapewa 100,000, hiyo tofauti ndiyo faida yako na kodi inakatwa hapo. Basi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Kitambulisho cha taifa, PIN ya KRA, picha yako ya pasipoti, imeli unayoifungua kweli (siyo ile ya zamani uliyosahau neno la siri), namba ya simu iliyo kwa jina lako, na akaunti kwenye benki ya biashara hapa Kenya. Akaunti ya benki ndiyo watu wanaifanyia mchezo. Jina lililo benki lifanane na lililo kwenye kitambulisho, na akaunti iwe hai, kwa sababu huko ndiko pesa itarudi. Kama benki inakujua kwa majina mawili na kitambulisho kina matatu, nenda karekebishe kwanza.

Pesa yenyewe: kiwango cha chini ni 50,000, halafu unapanda kwa hamsini hamsini, 100,000, 150,000 na kuendelea. Ongeza kidogo kwa ajili ya ada ya benki ya kutuma pesa, na hiyo ada tutairudia maana inaweza kukuumiza bila wewe kujua.

Hatua ya 1: Fungua akaunti ya DhowCSD

DhowCSD ni mfumo wa Benki Kuu ya Kenya, ulianza 2023, na unapatikana kwa wavuti na kwa apu ya simu. Zamani ilikuwa ni fomu za karatasi na safari za benki, sahihi hapa, muhuri pale. Sasa unajisajili ukiwa umekaa kitandani. Unaingiza taarifa zako, unapakia nyaraka, unaweka akaunti ya benki, kisha unasubiri wakukubali. Kufungua ni bure kabisa, mtu akikwambia umtumie elfu mbili "akufungulie" mwambie asante na umzuie namba.

Hapa kuna kosa nimeliona mara nyingi sana, mtu anasikia Jumatano kwamba reti ni nzuri, anajisajili Jumatano usiku, anataka kununua Alhamisi. Haiwezekani hivyo, usajili unakaguliwa na ukikosea picha ya kitambulisho unarudishwa uanze tena. Fungua akaunti hata kama hela bado huna, ikae tu, haikudai kitu.

Hatua ya 2: Jua wiki inavyokwenda

Mnada wa bili ni kila wiki. Siku yenyewe ya mnada ni Alhamisi, malipo yanafanyika Jumatatu inayofuata. Kukiwa na sikukuu siku zinasogezwa, kwa hiyo wiki ya Pasaka au ya Krismasi usiende kwa mazoea, soma tangazo la wiki hiyo kwenye tovuti ya Benki Kuu, na hapo hapo angalia saa ya kufunga zabuni. Mimi huwa naweka yangu Jumanne au Jumatano, sipendi presha ya dakika za mwisho na intaneti inazunguka.

Ukitazama vizuri hizo siku utaona kitu kizuri. Siku 91 ni wiki 13 kamili, 182 ni wiki 26, 364 ni wiki 52. Ndiyo maana siyo 365. Maana yake bili uliyolipia Jumatatu itaiva Jumatatu, siku ile ile ambayo bili mpya za mnada wa wiki iliyopita zinalipiwa. Shika hilo, litakusaidia hatua ya 7.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla hujagusa kitufe

Fomula ya bei ni hii, na unaweza kuipiga kwa kikokotoo cha simu:

```
bei = kiasi / (1 + reti/100 * siku/365)
```

Tuchukue bili ya siku 91, kiasi 100,000, na tuseme reti imetoka asilimia 8. Nane mara 91 gawa kwa 365 unapata 1.9945, kwa hiyo unagawa 100,000 kwa 1.019945. Inatoka 98,044.48. Tofauti na laki moja ni 1,955.52. Kodi ya zuio ni asilimia 15 ya hiyo tofauti, siyo ya pesa yako yote (kuna watu wanaogopa hapa bure), yaani 293.33. Unabaki na 1,662.19.

Ukiigeuza kwa mwaka, hiyo faida ni kama asilimia 6.8. Kwa hiyo habari imesema 8, wewe umepata 6.8, na hakuna aliyekuibia. Njia ya haraka kichwani: chukua reti iliyotangazwa zidisha kwa 0.85, utakuwa karibu sana.

Sasa weka ada. Pesa ya kwenda Benki Kuu inatumwa kwa mfumo wa RTGS na kila benki ina bei yake. Mara yangu ya kwanza sikuuliza. Nilichukua bili ya 50,000 ya siku 91 kwa ushujaa wote, nikatuma, kisha nikaona benki imekata ada na mimi nimeketi nakokotoa huku natabasamu lile tabasamu la mtu aliyejikwaa mbele za watu. Tuseme benki yako inakata 500. Faida ya 50,000 kwa siku 91 baada ya kodi ni 831 tu. Toa 500, unabaki na 331. Miezi mitatu umesubiri 331! Kwa mwaka hiyo ni kama asilimia 2.7.

Angalia sasa hiyo hiyo 50,000 ukiiweka kwenye siku 364, tuseme reti ni 9.5. Unalipa 45,672.96, faida kabla ya kodi ni 4,327.04, kodi 649.06, unabaki na 3,677.98. Toa ile ada ya 500, bado una 3,178, ambayo ni karibu asilimia 7. Ada ni ile ile, ila safari hii umeilipa mara moja kwa mwaka mzima.

Kwa hiyo maoni yangu, na wengine watabisha: ukiwa na 50,000 peke yake, siku 91 siyo bili yako, isipokuwa kama benki yako inatuma kwa bei ya kutupa au kama unajua utaizungusha bila kutoa. Piga simu benki uulize ada ya RTGS kabla ya kuchagua siku. Swali la dakika mbili.

Hatua ya 4: Weka zabuni

Ingia DhowCSD, nenda kwenye minada iliyo wazi, chagua bili ya siku unazotaka. Hakikisha umechagua namba ya toleo sahihi, maana 91, 182 na 364 zinakaa pamoja kwenye orodha na kidole cha simu ni kinene.

Mfumo utakuuliza aina ya zabuni. Chagua Non-Competitive. Hii ndiyo ya mwekezaji mdogo. Maana yake unasema: mimi sishindani na mtu, nipeni reti ya wastani itakayotoka mnadani. Ile ya kushindana, ambapo unaandika reti unayotaka mwenyewe, inaanzia 2,000,000, hiyo ni ya mabenki, mifuko ya pensheni na watu wa aina hiyo.

Watu wananiuliza, sasa nisipotaja reti si watanipa ya chini? Hapana, tazama inavyofanya kazi. Tuseme kuna washindani watatu tu. Wa kwanza anataka asilimia 8.0 kwa milioni 500, wa pili 8.2 kwa milioni 300, wa tatu ana tamaa anataka 8.6 kwa milioni 200. Serikali inasema 8.6 ni ghali, inakata hapo, inachukua hao wawili. Wastani unaopimwa kwa ukubwa wa pesa unakuwa 8.075. Wa kwanza anapata 8.0 yake aliyoandika, wa pili 8.2, wa tatu anaenda nyumbani na pesa zake. Wewe na elfu hamsini yako unapewa 8.075. Umemzidi wa kwanza ambaye ana wachumi wanne ofisini na skrini mbili kila mmoja. Kwa hiyo usilie kwamba huwezi kushindana, hapa kutoshindana ni nafuu.

Halafu unaandika kiasi. Kosa kubwa liko hapa. Kile kiasi unachoandika, skrini inakiita Face Value, ni kile utakacholipwa mwisho, siyo kile unachotoa leo. Dada mmoja wa chama chetu alikuwa na 95,000 akaandika 50,000 akidhani 100,000 hawezi kuifikia. Kwa bili ya siku 364 kwa reti za wakati ule, 100,000 ingemgharimu chini ya hiyo 95,000. Pesa yake karibu nusu ikalala bure. Kwa hiyo piga hesabu kurudi nyuma kutoka kwenye kiasi cha mwisho, ukitumia reti ya wastani ya wiki iliyopita, na uache nafasi kidogo juu kwa sababu reti ikishuka bei inapanda.

Nafasi kiasi gani? Kwa siku 364, reti ikishuka kwa nusu asilimia, bei ya laki moja inapanda kwa kama mia nne. Acha elfu mbili na utalala vizuri, na hiyo inabeba pia kodi endapo itajumlishwa kwenye kiasi cha kulipa.

Kabla ya kubonyeza kutuma, soma tena: siku, kiasi, aina ya zabuni, akaunti ya benki. Piga picha ya skrini.

Hatua ya 5: Matokeo na Payment Key

Matokeo yanatoka baada ya mnada na yanawekwa kwenye tovuti ya Benki Kuu, utaona kiasi kilichoombwa, kilichokubaliwa, na reti ya wastani kwa kila bili. Hiyo ya wastani ndiyo yako.

Ijumaa ingia DhowCSD, sehemu ya Transactions. Hapo utakuta vitu viwili: kiasi kamili unachotakiwa kulipa, na Payment Key. Hiyo Payment Key ni kama namba ya risiti inayomwambia Benki Kuu kwamba hii pesa ni ya zabuni yako na siyo ya mtu mwingine. Ni ya zabuni hiyo tu, ya mwezi uliopita haifanyi kazi. Kama umeweka zabuni mbili, zina malipo mawili, usijumlishe ukatuma pamoja.

Na usilipe ile namba uliyokokotoa wewe, lipa ile ya kwenye skrini, mpaka senti. Hesabu yako ilikuwa ya kukuandaa tu.

Hatua ya 6: Lipa

Unaenda benki au unatumia huduma ya benki ya mtandaoni kama inaruhusu RTGS, unatuma kwa Benki Kuu kwa maelekezo yaliyoandikwa pale, na Payment Key unaiweka kwenye sehemu ya maelezo ya malipo. Mwambie karani wa benki waziwazi kwamba ni malipo ya dhamana za serikali na kwamba ile namba lazima iingie kama ilivyo. Mimi huiandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa nampa, kisha nasoma fomu aliyoichapisha kabla ya kusaini, maana sifuri na herufi O zimeshaleta balaa.

Fanya hivi Ijumaa. Mwisho ni Jumatatu, ndiyo, lakini Jumatatu asubuhi benki ina foleni, mtandao unasuasua, meneja wa kuidhinisha hajafika, na pesa yako inatakiwa iwe imefika Benki Kuu kwa saa iliyotajwa, siyo iwe imetoka kwako.

Ukishinda mnada halafu ukakosa kulipa, hiyo inahesabika ni kukiuka na Benki Kuu inaweza kukusimamisha usiwekeze tena. Kwa hiyo usiweke zabuni kwa pesa ambayo "itaingia Jumamosi, ameniahidi".

Hatua ya 7: Ikiiva

Siku ya kuiva, pesa inaingia kwenye akaunti ya benki uliyosajili. Huombi, hujazi fomu.

Ila kama unataka kuendelea, usisubiri iingie. Kumbuka zile Jumatatu. Bili yako inaiva Jumatatu, kwa hiyo mnada wa Alhamisi ya kabla yake ndio unaolipiwa siku hiyo hiyo. DhowCSD ina chaguo la rollover, unaweka zabuni mpya na kuambia mfumo utumie pesa ya ile inayoiva. Kwa namna hiyo pesa haipiti benki kwako, haukatwi ada ya kutuma, na haikai bure wiki nzima. Ukikosa Alhamisi hiyo, pesa inatua benki, unasubiri mnada ujao na ulipe ada tena. Weka kengele kwenye kalenda ya simu siku kumi kabla.

Na hapa ndipo ile bili ya siku 91 inaanza kuwa na maana hata kwa mdogo, ukilipa ada mara moja ukaizungusha mara tatu kwa rollover, ada imegawanyika kama ya siku 364.

Utegemee reti gani

Hapa watu wanadanganyika na kumbukumbu. Katikati ya 2024 bili ya siku 91 ilikuwa karibu asilimia 16, na ya 364 ilikaribia 17. Mwisho wa mwaka huo huo ya siku 91 ilikuwa imeshuka chini ya 10, na nusu ya pili ya 2025 ilikuwa inazunguka 8. Ni serikali ile ile, bili ile ile. Kilichobadilika ni kwamba Benki Kuu ilianza kushusha riba yake ya msingi kutoka 13 kuanzia Agosti 2024, mabenki yakawa na pesa nyingi za kuweka, zabuni zikajaa na serikali ikawa na uwezo wa kuchagua wa bei nafuu.

Kwa hiyo mtu akikwambia "bili zinalipa 16" muulize za lini. Njia pekee ya kujua utapata ngapi ni kuangalia matokeo ya minada minne ya mwisho. Reti za bili hazirukiruki wiki hadi wiki, mara nyingi zinasogea kwa sehemu ndogo ya asilimia. Kama wiki nne zimekuwa zikishuka taratibu, tegemea hiyo ya mwisho au kidogo chini yake, zidisha kwa 0.85, toa ada, hapo una jibu lako.

Ukiona reti zinashuka na pesa huihitaji mwaka mzima, siku 364 inakufungia ya leo. Zikiwa zinapanda, fupi ni nzuri zaidi kwa sababu unarudi mnadani haraka kuchukua ya juu. Kubahatisha kupo, ila angalau unabahatisha ukijua unabahatisha nini.

Mtu atauliza, kwa asilimia 6.8 si bora benki tu? Linganisha baada ya kodi kwa pande zote mbili, maana riba ya akaunti ya muda maalum nayo inakatwa asilimia 15. Na mfumuko wa bei mwaka 2025 ulikuwa karibu na asilimia 4, kwa hiyo hiyo 6.8 inabaki juu, ingawa siyo kwa mbali.

Kidogo kuhusu bondi

Mnada wa bondi ni kwa kawaida Jumatano na malipo ni Jumatatu, DhowCSD ile ile, Payment Key ile ile. Tofauti ni kwamba bondi inakulipa riba kila miezi sita. Bondi ya 100,000 yenye riba ya 13 inatoa 6,500 kila nusu mwaka kabla ya kodi. Kodi ni asilimia 10 kwa zilizotolewa kwa miaka 10 na zaidi, 15 kwa fupi zaidi, kwa hiyo ile ya miaka 10 inakuachia 5,850 mkononi. Bondi za miundombinu zimekuwa hazikatwi kodi na ndiyo maana watu walizivamia, ile ya Februari 2024 ya miaka 8.5 ilitoka na riba ya 18.4607 na zabuni zilipita bilioni 280 wakati serikali ilikuwa imeomba 70. Kila toleo soma prospektasi yake, kuanzia kiwango cha chini mpaka kodi.

Mtego wa bondi ni zile zinazofunguliwa upya. Bondi ya zamani yenye riba kubwa inauzwa tena wakati reti zimeshuka, basi bei yake inakuwa juu ya 100. Unaona riba 16 unashangilia, kumbe unalipa 108,000 kwa kitu kitakachokurudishia 100,000 mwisho, juu yake unalipia na riba iliyokwisha kujilimbikiza tangu malipo ya mwisho. Faida yako halisi siyo 16, ni ile reti ya wastani iliyotoka mnadani. Angalia hiyo, riba iliyoandikwa kwenye bondi iache.

Yakiharibika

*Ijumaa imefika na sioni Payment Key.* Kwanza angalia kama zabuni ilitumwa kweli au ilibaki haijakamilika, hapo ndipo ile picha ya skrini inakusaidia. Zabuni isiyo ya kushindana kwa kawaida inakubaliwa, kwa hiyo kama haipo kabisa kwenye orodha, karibu kila mara haikufika. Ikiwa ipo na imekubaliwa ila namba haionekani, piga Benki Kuu siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu.

*Nimelipa, ila zabuni bado inaonyesha haijalipwa.* Nenda benki uombe uthibitisho wa RTGS ulioandikwa saa na maelezo. Angalia kama Payment Key iliandikwa sawa na kama kiasi kinafanana mpaka senti. Kinachotokea mara nyingi ni karani kuandika "T-bill" tu kwenye maelezo, au benki kukata ada ndani ya pesa yenyewe ikafika pungufu. Ada ikatwe pembeni, mwambie mapema.

*Usajili wangu umekwama.* Picha ya kitambulisho yenye mwanga uliorudi, au majina yasiyofanana na ya benki. Piga upya mchana karibu na dirisha, bila flashi.

*Nahitaji pesa kabla haijaiva.* Bondi unaweza kuiuza sokoni NSE kupitia dalali, kwa bei ya siku hiyo, na reti zikiwa zimepanda utauza kwa hasara. Benki Kuu nayo inaweza kuinunua kama njia ya mwisho, ila inakukokotolea kwa asilimia 3 juu ya reti ya soko au ya riba ya bondi, ipi iliyo kubwa, yaani faida unaiacha hapo. Bili ichukulie imefungwa mpaka siku yake. Pesa ya ada ya shule ya Januari usiiweke kwenye siku 364 mwezi wa Machi.

*Imeiva na sioni pesa.* Angalia kwanza tarehe, isije ikawa Jumatatu ni sikukuu. Kama siyo, ingia DhowCSD uone ni akaunti gani ya benki imeandikwa. Kuna jamaa alihama benki, akafunga ile ya zamani, na DhowCSD hakuigusa. Pesa ilitumwa, ikagonga akaunti iliyofungwa, ikarudi, na ikamchukua siku kadhaa za kwenda na kurudi na barua kabla haijamfikia. Ukibadilisha benki, badilisha na kule, wiki kadhaa kabla ya kuiva.